Twiga Aliyetazama Alikotoka

Shangazi yangu ana chekechea ndogo huku Majengo, Moshi, na mwezi uliopita aliniagiza twiga wa plastiki wa kuweka kwenye kona ya wanyama. Kipimo alikitoa mwenyewe kwa rula yake ya mbao: sentimita 29 kutoka kwato hadi pembe, wala asipungue, kwa maana twiga mfupi, alisema, watoto watamwita mbuzi.

Printa yangu ya 3D ina kitanda cha milimita 180 kwa 180, na kwenda juu inafika milimita 180 vilevile. Kumlaza mgeni wa milimita 290 kwenye kitanda cha namna hiyo ni shida inayojulikana na kila aliyewahi kumpokea shemeji mrefu. Nilijaribu kumlaza kutoka kona hadi kona, lakini mshazari wa kitanda hicho ni takriban milimita 254, kwa hiyo kichwa kiliendelea kuning'inia nje. Kumpunguza hadi aenee akiwa amesimama kungembakizia asilimia 62 ya urefu wake, yaani yule mbuzi. Ikabaki kumkata.

Kukata modeli kwa bapa ni kazi ya dakika chache. Katika PrusaSlicer, programu inayoandaa modeli kwa ajili ya printa, unabonyeza `C`, bapa linatokea likiwa limepita katikati ya mnyama kama sinia, nawe unalipandisha au kulishusha hadi mahali unapotaka. Nililiweka kwenye milimita 175, juu kidogo ya mabega, pale shingo inapokuwa imeshakuwa bomba laini. Modeli yenyewe ilikuwa ya mtindo wa kitoto, haina madoa wala manyoya ya shingoni, na hilo naomba msomaji alishike. Kisha nikaongeza pini moja ya kuunganishia, aina ya `Dowel`, yenye umbo la `Circle` na kipenyo cha milimita 8, katikati kabisa ya shingo. Penye sehemu ya kuandika nafasi ya ziada kati ya pini na tundu niliweka sifuri, kwa imani kwamba kitu kilichobana ndicho imara.

Uchapaji ulichukua karibu siku nzima. Shingo niliisimamisha juu ya uso wake uliokatwa, na kwa kuwa iliinama mbele kwa nyuzi 20 tu, ilipanda bila kuhitaji nguzo, isipokuwa kidogo chini ya taya. Tabaka la kwanza, kama kawaida yake, lilibanwa kitandani likatanuka na kuacha ukingo mwembamba kuzunguka shingo yote. Ukingo huo niliuparua kwa kisu, taratibu, hadi kidole gumba kilipopita kwenye kiungo bila kuhisi ngazi yoyote. Niliufurahia sana ulaini ule. Baadaye ndio ulioniponza.

Pini ya milimita 8 haikuingia kwenye tundu la milimita 8. Plastiki iliyoyeyuka hutanuka kidogo inapolazwa, hivyo pini hutoka nene kuliko ilivyochorwa na tundu hutoka jembamba, na ile sifuri yangu ikageuka kuwa ukuta. Niliipiga msasa hadi ikakubali kuingia, ila kwa masharti: lazima uisukume huku unaizungusha, kama mtu anayefunga mfuniko wa chupa ya chai. Nikajaribu bila gundi, twiga akasimama vizuri akitazama mbele. Nikamtenganisha, nikapaka supa gluu kwenye pini na kwenye uso wa shingo, nikaanza kusukuma na kuzungusha.

Umeme ukakatika.

Supa gluu haina subira ya kungoja umeme urudi. Simu yangu ilikuwa sebuleni na mke wangu, mkono mmoja umeshika kiwiliwili, mwingine umeshika shingo, na gundi imeshaanza kushika. Nikaendelea kuzungusha gizani, kidole gumba kikiwa kwenye kiungo, nikitafuta mahali ambapo ngazi inapotea. Ilipotea. Kiungo kikawa laini pande zote, nami nikabana kwa nguvu na kuhesabu hadi sitini.

"Baba Neema, mbona kimya huko?" mke wangu akauliza.

"Nimemshika twiga," nikamjibu, naye hakuuliza tena.

Umeme uliporudi, twiga alikuwa anatazama mkia wake. Shingo, badala ya kwenda mbele, ilikuwa imelala kuelekea mgongoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa barabarani na mtu anayemdai. Nilivuta, nikasokota, nikaomba. Hakuna kilichosogea.

Nilikaa chini kutafuta ni vipi kidole changu kilidanganywa, na jibu likanitia aibu, kwani kidole hakikudanganywa. Bapa la mlalo likikata bomba lililoinama, uso unaopatikana si duara kamili bali ni duara lililorefuka upande wa mwinamo. Kwa twiga wangu lilikuwa milimita 34 kwa 32. Umbo la namna hiyo, likizungushwa nusu mzunguko, linajilalia lenyewe sawasawa. Kwa hiyo kiungo kilikuwa na mahali pawili pa kuwa laini, pa mbele na pa nyuma, na gizani nilichagua pa nyuma. Pini ya duara haikuwa na maoni yoyote juu ya jambo hilo. Laiti mchoraji angeweka manyoya shingoni, kidole kingegundua mapema.

Asubuhi shangazi akafika kabla sijapata uongo wa maana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Yuko wapi mgeni wangu?" Akamtazama kwa muda mrefu, kisha akainama kutazama nyuma ya twiga, akifuata alikotazama yeye. "Kuna simba?"

Nikamweleza habari za bapa na pini. Akasikiliza kwa adabu, akauliza arudi lini kuchukua wa pili.

Huyo wa pili karibu nimkosee tena. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuinamisha bapa nyuzi 20 likate shingo kwa pembe mraba, lakini hapo uso ungekuwa duara kamili na kichwa kingeweza kukaa upande wowote kinaotaka, hata kutazama dukani kwa jirani. Nikarudisha bapa kwenye mlalo na kuweka pini mbili, kulia na kushoto, zinazolingana. Nilikuwa nimeshafika kwenye `Perform cut` nilipotambua kwamba pini mbili zinazolingana nazo zinageuka nusu mzunguko na kuingia bila kulalamika. Basi moja nikaiacha milimita 8, nyingine nikaipunguza hadi 5, na kila moja nikaiachia milimita 0.2 za kupumulia. Zikaingia kwa mkono, bila kuzungusha, na kichwa kikakataa katakata kukaa kinyume, hata nilipokijaribu huku nimefumba macho makusudi.

Shangazi alipokuja kumchukua, akambeba na yule wa kwanza pia. Nilimwambia amwache, nitamsaga.

"Huyu namweka mlangoni," akasema. "Mwili unaingia darasani, macho yanatazama barabarani nani amechelewa. Wewe nitengenezee tena mmoja wa namna hii, wa geti la nyuma."

Nimefungua faili tangu juzi. Sijui nimkate wapi ili akosee vilevile.