Rangi ya klipu ikuambie kazi iliyobaki, sio kamera

Fungua projekti ya harusi ya maeditor wengi huku kwetu, utakuta kamera ya kwanza bluu, ya pili kijani, droni njano. Inapendeza, ila haikusaidii kitu, maana kamera gani ni ipi traki ishakuambia.

Chukua harusi ya masaa matatu kwenye Premiere Pro. Mimi traki hazibadiliki: V1 kamera kuu, V2 kamera ya pili, V3 droni na vipande vya ziada, V4 majina, halafu A1 maiki ya mchungaji na MC, A2 kelele za ukumbini, A3 muziki. Droni isiporuka siku hiyo na vipande vya ziada hamna, V3 inakaa tupu, hamna kuhamishia kitu pale, ndo maana nikitaka kuzima kelele za ukumbi nazima A2 nzima bila kutafuta klipu mojamoja.

Rangi sasa inabaki huru kubeba hali ya kazi. Nyekundu bado sijaigusa, njano sauti ina shida, kijani nimemaliza. Kila njano nikitaka kuzipitia nachagua moja, nabonyeza Select Label Group, zote zinakamatwa.

Maneno yote yanaenda kwenye maka, zile alama za kwenye taimlaini: bonyeza M, ukirudia M kinafunguka kidirisha cha kuandika, "MC kakosea jina la shangazi, kata". Ila hapa watu wanalia sana. Ukikata dakika mbili kule mwanzo kwa ripple, klipu zinasogea kuziba pengo halafu maka za sikwensi zinabaki pale pale, unakuta maka ya keki iko juu ya watu wanacheza. Weka tiki kwenye Ripple Sequence Markers, au chagua klipu kwanza ndo ubonyeze M, hiyo maka itaifuata klipu popote iendako.

Kwenye nest, yaani kuweka sikwensi ndani ya sikwensi nyingine, ndo nina ubishi. Usiediti masaa matatu kwenye taimlaini moja halafu ndo uanze kukunja. Nakopi sikwensi tupu yenye traki zangu, naita Kanisani, nyingine Ukumbini, nyingine Zawadi, naziburuta kwenye sikwensi mama. Angalia kile kitufe cha nest juu kushoto mwa taimlaini kiwe kimewaka, kikizima klipu zote zinamwagika humo. Na muziki unaopita kutoka sehemu moja kwenda nyingine uweke kwenye mama, kwa sababu nest inatoka na sauti zote zimeshachanganywa, huwezi kushusha muziki peke yake bila kushusha na mchungaji.

Jingine, ukirefusha Kanisani ndani, kule kwa mama hairefuki yenyewe, mwisho unakatika kimyakimya mpaka uuvute ule ukingo. Ukifupisha unaona mistari ya mshazari mwishoni mwa klipu, hapo hamna picha tena, ni weusi mtupu, kata kabla hujaexport.