Vidole Vinavyokakamaa Saa Nzima: Je, Jibu la RF Linatosha?

"Mama ana miaka 43. Miezi miwili sasa vidole vya mikono yote vinamkakamaa kila asubuhi, vinaachia baada ya saa nzima na zaidi. Amepimwa RF, kipimo cha damu cha kingamwili za baridi yabisi, majibu hasi, tukaambiwa si baridi yabisi. Tutulie?"

Wanaowaambia mtulie wana hoja yao. Vigezo vya Marekani vya mwaka 1987 viliutaja ukakamavu wa asubuhi unaodumu saa moja kuwa moja ya alama za baridi yabisi. Vilipoandikwa upya mwaka 2010, pamoja na wataalamu wa Ulaya, alama hiyo iliachwa, kwa kuwa wenye maradhi mengine nao hukakamaa. Kwetu mfano uko karibu: chikungunya, ambayo jina lake lenyewe ni la Kimakonde, huacha vidole na vifundo vya mikono vimevimba pande zote mbili, wakati mwingine kwa miezi. Ndiyo maana mtu akija na siku kumi za maumivu baada ya homa kali ya ghafla, kusubiri kidogo ni busara. Virusi vingi huachia ndani ya wiki sita.

Ila mama yenu ameshazipita wiki hizo. Na vigezo vya 2010 huanza na kiungo ambacho mkono wa daktari umekigusa na kukikuta kimevimba. Saa ile ya asubuhi haitoi hukumu ya ugonjwa. Kazi yake ni kumfanya mtu aishike mikono ya mgonjwa, na hapo ndipo wengi wanapoachwa.

Nilimhudumia mama mmoja muuza maandazi. Nilipomuuliza ukakamavu unadumu muda gani, akajibu, "Kidogo tu, mwanangu, ni baridi ya alfajiri." Nikabadilisha swali: unaamka saa ngapi, na vidole vinalegea kadiri viwezavyo saa ngapi? Anaamka saa kumi. Unga siku hizi anakanda binti yake, kwa sababu yeye hashiki kitu mpaka jua litoke, kama saa kumi na mbili na nusu. "Kidogo tu" yake ilikuwa saa mbili na nusu.

Nikamwomba akunje ngumi. Vile vibonde kati ya vifundo vilivyo kwenye shina la vidole vilikuwa vimejaa. Ukibonyeza, panabonyea kama nyanya iliyoiva, tofauti na vinundu vigumu vya mifupa iliyochakaa, ambavyo hupenda viungo vya karibu na kucha. Vya kwake vya karibu na kucha vilikuwa salama. Nikaukamua mguu kwa upole, kutoka pande mbili, penye shina la vidole. Akauvuta kabla sijamaliza. Mifupa iliyochakaa nayo hukakamaa asubuhi, ila mara nyingi huachia kabla ya nusu saa. Penye uvimbe wa ndani, kemikali za uvimbe hupanda usiku na maji hujaa kwenye utando wa kiungo, kwa hiyo kulegea huchukua muda mrefu.

Naye RF yake ilikuwa hasi. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana karatasi ile imewarudisha nyumbani watu wengi mno. Katika kila wagonjwa kumi wa baridi yabisi, wawili au watatu hawana RF, hasa mwanzoni. Kwa upande mwingine, mwenye kifua kikuu au homa ya ini anaweza kuwa nayo bila kuwa na baridi yabisi. Kwa hiyo kipimo hicho huongeza au kupunguza uzito wa kile mikono ilichokuta. Hakiwezi kuchukua nafasi yake. Kwa mama huyu ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, ilikuwa juu, na anti-CCP, kipimo kingine cha kingamwili za baridi yabisi, ilipofanyika ikatoka chanya. Alianzishiwa methotreksati, dawa inayomezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, pamoja na foliki asidi.

Kilichomchelewesha ni sindano alizokuwa akichomwa mtaani. Kila moja ilimpa wiki mbili njema, na kila mara akaamini amepona. Zilikuwa dawa za aina ya prednisoloni, ambazo hushusha uvimbe na kuuficha, huku mfupa ukiweza kuendelea kuliwa, na mfupa ulioliwa haurudi ulivyokuwa. Wataalamu wa Ulaya hutaka matibabu ya kuuzuia ugonjwa yaanze ndani ya miezi mitatu tangu dalili zianze. Ninyi mmebakiwa na mwezi mmoja.

Mpigeni mama picha ya mikono mara tu anapoamka, maana uvimbe unaweza kuwa umeshuka atakapofika kwa daktari adhuhuri. Ombeni vifundo vyake na miguu yake viguswe, aulizwe pia kuhusu homa iliyotangulia, na mtaje kila sindano au kidonge alichotumia.