Tathmini ya msimu wa vijana: msimamo wa ligi au daftari la dakika?

Kila timu ya vijana inapofunga msimu, kikao cha tathmini hugawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka kuanza na matokeo: pointi ngapi, mabao mangapi, nafasi ya ngapi. Upande wa pili unasema kwa watoto wa chini ya miaka 15 matokeo hayana maana, tuulize nani amekua kimpira.

Wanaoshikilia matokeo wana hoja nzito. Bao likishaingia limeingia, kocha hawezi kulibadilisha kwa sababu anampenda mtoto fulani. Ripoti ya "maendeleo" isiyo na kipimo hujaa maneno kama "amejitahidi" na "ana kipaji", na mwaka unaofuata hakuna anayeweza kusema kama kweli mtoto alisonga mbele. Wazazi waliochangia nauli na jezi nao wana haki ya kujua timu ilifanya nini.

Wanaoyakataa nao wanajua wanachosema. Katika umri wa miaka 13 na 14 mvulana mmoja anaweza kuwa amebalehe na mwenzake wa mwaka huohuo bado, na mechi huamuliwa na aliyetangulia kupata kifua na miguu mirefu. Ligi ikihesabu umri kuanzia Januari mosi, aliyezaliwa mwezi huo anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, ingawa kwenye karatasi ni wenzake. Ushindi wa namna hiyo hausemi mengi kuhusu ufundishaji.

Kwa maoni yangu, kosa la pande zote mbili ni kuyachukua matokeo kama kitu kimoja. Yakigawanywa kwa mazingira ya kila mechi, kisha yakawekwa kando ya dakika alizocheza kila mtoto, yanaanza kusema ukweli.

Tuchukue mfano wa kubuni wa timu ya mtaa mjini Jinja yenye wachezaji 22, kwenye ligi ya timu nane. Kila mpinzani wanakutana naye mara mbili, mechi ni dakika 70. Msimu umeisha hivi: mechi 14, ushindi 8, sare 2, kufungwa 4, pointi 26, mabao ya kufungwa 16. Kikao cha kawaida kingeandika: "Tulianza vizuri, tukalegea, watoto walikosa kujituma." Somo hilo halifundishi chochote, na pengine ni uongo.

Sasa tugawe. Mechi 6 zilichezwa wakati wa likizo na 8 shule zikiwa wazi. Za likizo: ushindi 5, sare 1, mabao ya kufungwa 3 tu. Za muhula: ushindi 3, sare 1, kufungwa mara 4, mabao ya kufungwa 13. Uganda yetu ina mihula mitatu, na watoto wengi wa sekondari wako bweni. Shule zikifunguliwa, timu ya mtaa inabaki na wale wa kutwa. Hapa mabeki wawili wa kati walikuwa bweni, na kati ya mabao 13, 7 yalitokana na kona na mipira ya adhabu.

Lakini tusikimbilie jibu. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huangukia zaidi ndani ya mihula, kwa hiyo huenda ni tope na si bweni. Ndiyo maana kwenye karatasi ya mechi panahitajika kisanduku cha hali ya uwanja. Katika mfano wetu mechi 3 za muhula zilichezwa kwenye tope na zikatoa mabao 4 ya kufungwa. Zile 5 za uwanja mkavu zilitoa 9. Tope halielezi. Je, wapinzani wa muhula walikuwa wakali zaidi? Wapinzani 6 kati ya 7 walichezwa mara moja likizoni na mara moja muhulani, na dhidi ya haohao mabao yaliruka kutoka 3 hadi 10. Bado ni mechi chache, na wapinzani nao hupoteza watoto wa bweni. Tunaweza kusema inaelekea ni safu ya ulinzi. Kuthibitisha hatuwezi.

Hapa ndipo daftari la dakika linapoingia. Kila nafasi uwanjani ilikuwa na dakika 420 katika zile mechi 6 za likizo. Mabeki wawili waliokuja kuziba pengo muhulani walikuwa wamecheza dakika 40 tu, wote wawili pamoja, tena mwishoni mwa mechi ambazo timu ilikuwa tayari na uhakika wa ushindi. Walipewa kona za kulinda bila kuwahi kulinda kona yenye presha. Kocha aliyetafuta ushindi likizoni kwa kumchezesha beki yuleyule kila mara alikuwa anakopa pointi za muhula. Kwa hiyo yule anayedai matokeo na yule anayedai maendeleo walikuwa wanalalamikia jambo moja.

Rekodi hii haihitaji kompyuta. Mtu mmoja kwenye benchi, mwenye saa na karatasi, anaandika dakika ya kila anayeingia na kutoka. Kwa kila bao la kufungwa anaandika dakika, lilitokea vipi na nani walikuwa uwanjani. Asiandike ni kosa la nani. Likiandikwa jina, watoto huanza kuogopa mpira, na kocha hukosa kuona kwamba kona tatu zimeingia sehemu ileile ya mlingoti wa mbali. Karatasi ijazwe siku hiyohiyo. Ikingoja mwisho wa msimu, watu hukumbuka mechi ya mwisho na ile yenye ugomvi na mwamuzi.

Kuna safu moja ambayo timu nyingi huiacha: urefu. Mtoto avue viatu, visigino viguse ukuta, kitabu kilazwe juu ya kichwa, alama ipigwe, kila baada ya miezi mitatu. Akiongezeka sentimita 2 au zaidi kwa kipindi hicho, kuna uwezekano mkubwa yuko kwenye kasi ya kurefuka. Wengine wakati huo hupoteza wepesi kwa muda, na wengine hupata maumivu chini kidogo ya pia ya goti, hasa wakiruka na kupiga mashuti sana. Winga aliyeng'ara mwanzoni kisha akawa mzito asiandikwe "amezembea" kabla ya kuangalia safu hiyo. Akiwa na maumivu, apunguziwe kuruka na kupiga, na yakiendelea aonwe na mhudumu wa afya.

Malengo ya mwakani yatoke humo. "Kuchukua kombe" hutegemea pia timu nyingine 7. Kwa timu hii ningeandika matatu: kila mchezaji afikishe dakika 245, yaani robo ya dakika 980 za msimu, mabeki wa akiba waanze angalau mechi 2 kati ya 6 za likizo, dhidi ya timu zenye nguvu, na mabao ya kufungwa kwa kona na mipira ya adhabu yasizidi 5 msimu mzima. La kwanza litagharimu pointi, na kamati ikubaliane hivyo mapema mbele ya wazazi, la sivyo kocha ataliacha baada ya kufungwa mara mbili mfululizo.

Kalenda ya mihula ya Wizara ya Elimu na Michezo iwe mezani kabla ratiba ya ligi haijakubaliwa, na majina ya watoto wa bweni yaorodheshwe pembeni yake. Malengo yapimwe baada ya mechi ya 7, bado zikiwa zimebaki 7 za kurekebisha.