Hakuna neimspesi ya memori

Naomba tuache kuwaambia vijana wanaoanza kazi kwamba kontena ni "mashine ndogo ndani ya mashine kubwa". Maelezo hayo yanapotosha, na mwezi uliopita yalitupotezea asubuhi nzima hapa ofisini Kijitonyama.

Tuna programu ya Java 8, toleo la zamani, inayoandaa ripoti za mauzo ya maduka. Inakaa ndani ya kontena kwenye seva yenye memori ya GB 16, na kontena limewekewa kikomo cha GB 1. Siku za kawaida haina shida. Mwisho wa mwezi, maduka ya Kariakoo yakiomba ripoti kwa pamoja, inakufa. Logi inakatika katikati ya mstari, hakuna kosa lililoandikwa, inabaki namba ya kufia, 137, peke yake.

Mwenzangu mmoja, kijana, akaingia ndani ya kontena baada ya kuliwasha upya, akaandika `free -m`, akanigeuzia skrini. "Kaka, memori ipo tele. GB 16, na zaidi ya nusu haijaguswa." Alichosoma kilikuwa kweli, ila hakikumhusu.

Kontena ni mchakato wa kawaida wa Linux, yaani programu inayoendeshwa, ambao kerneli, kiini cha Linux, imeufanyia mambo mawili. La kwanza ni neimspesi, zinazoamua mchakato unaona nini. La pili ni sigrupu, zinazoamua unatumia kiasi gani. Kwenye skrini utayakuta kama `namespaces` na `cgroups`. Hata hayakuzaliwa pamoja. Neimspesi ya kwanza, ile ya mafaili, iliingia Linux mwaka 2002, wakati sigrupu zilianzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingia kwenye kerneli 2.6.24, mwanzoni mwa 2008.

Fikiria nyumba ya kupanga pale Mwananyamala. Kuta za chumba chako zinakuzuia usione vya jirani. Lakini tenki la maji liko uwani, kila mpangaji analiona, nalo ni la lita 2,000. Mama mwenye nyumba kasema kila chumba ndoo mbili kwa siku. Ukichungulia tenki ukaliona limejaa, hujajua chochote kuhusu ndoo zako mbili.

Leo kerneli ina aina nane za neimspesi: za mafaili, mtandao, namba za michakato, watumiaji, jina la mashine, mawasiliano kati ya michakato, sigrupu zenyewe, na saa. Ya memori haimo. Amri ya `free` inasoma `/proc/meminfo`, na faili hilo linaeleza memori ya seva nzima hata ukilisoma ukiwa ndani ya kontena. Kijana wetu alikuwa anachungulia tenki.

Java ile ya zamani nayo ilichungulia tenki hilohilo. Usipoipa kipimo, hujiwekea nafasi ya kukua mpaka robo ya memori inayoiona, yaani GB 4. Ilipofika GB 1, kerneli ilijaribu kwanza kurudisha memori iliyoweza kurudishwa, ikashindwa, ikaiua kwa ishara namba 9. Ishara hiyo haizuiliki, wala programu haipati nafasi ya kuandika neno la mwisho. Ndiyo maana logi ilikatika, na ndiyo maana namba ilikuwa 137, kwani mchakato ukiuawa kwa ishara, namba yake huwa 128 ukijumlisha namba ya ishara, hapa 9.

Ushahidi ulikuwa kwenye logi ya kerneli, nje ya kontena:

```
Memory cgroup out of memory: Killed process 4127 (java)
```

Angalia hiyo 4127. Ndani ya kontena, mchakato huohuo ulijiona ni namba 1. Hiyo ni kazi ya neimspesi. Kilichoua ni sigrupu. Mstari mmoja unaonyesha vyote viwili.

Na kikomo chenyewe kinasomeka ukiwa ndani:

```
$ cat /sys/fs/cgroup/memory.max
1073741824
```

Hizo ni baiti, sawa na GB 1 kamili.

Kuhamia Java mpya kungesaidia, ila si mpya yoyote tu. Java 10 ya mwaka 2018 ilijua kusoma sigrupu za mpangilio wa kwanza. Seva yetu iko kwenye mpangilio wa pili, ambao Java ilianza kuuelewa toleo la 15. Kwa sasa tumeipa kipimo kwa mkono, kwa `-Xmx`. Kijana alitaka kuweka GB 1 ileile, nikamzuia: kipimo hicho ni cha hipu tu, sehemu ya memori ambamo Java inaweka data zake, na nje ya hipu kuna nyuzi za kazi, maelezo ya klasi na bafa, zote zinahesabiwa na sigrupu. Tumeweka MB 700.

Prosesa isingeua. Mchakato ukimaliza mgao wake wa prosesa husimamishwa kidogo, kisha unaendelea, kwa hiyo malalamiko yangekuwa ya ripoti kuchelewa. Kwa memori hakuna kusubiri namna hiyo. Tukikuta kontena limekufa na 137, sasa tunaanza na `memory.max` na logi ya kerneli, `free` tunaiacha.