Ova ya kila siku ni mshahara uliojificha

Kwa miaka kadhaa nilishika karatasi za saa katika idara ya kufunga unga, kiwanda kimoja hapa Nakuru. Tulikuwa wafungaji 12. Kila mwisho wa mwezi saa za ziada zilikuwa zinakaribia 312, iwe oda ni nyingi au ni chache. Hilo la "iwe nyingi au chache" ndilo lililonishtua. Ova ya kweli hupanda na kushuka na kazi. Ikikaa pale pale miezi sita, imekuwa mazoea.

Siku moja nikakaa na zile karatasi nikaandika sababu ya kila jioni. Saa 110 zilitokana na oda za mwisho wa mwezi, na 50 na mashine iliyokwama. Saa 64 zilikuwa za kuziba pengo la waliokosa kufika. Zilizobaki 88 hakuna aliyeweza kuzieleza, hata msimamizi aliyezitia sahihi. Nikahesabu pia marobota tuliyofunga kati ya saa nane na saa kumi na moja. Siku zenye ova yalikuwa machache kuliko siku zisizo na ova. Watu walikuwa wakiiachia jioni kazi ya mchana, na siwalaumu, maana sisi ndio tuliowazoesha.

Pesa zake ni hizi. Mshahara wa msingi ukiwa shilingi 18,000, Amri ya Jumla ya Mishahara inataka ugawe kwa 225 kupata saa moja, yaani shilingi 80. Siku ya kawaida saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, shilingi 120. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili, 160. Amri hiyo hiyo inaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52, na saa zote pamoja na ova zisizidi 116 kwa wiki mbili mfululizo. Ukitoa, mtu anabakiwa na saa 12 za ziada kwa wiki mbili, kama 26 kwa mwezi. Sasa gawa 312 kwa watu 12: ni 26 kamili. Wastani wetu ulikuwa umekalia mpaka wa sheria, na kwa kuwa majina fulani ndiyo yaliyokuwa yakibaki kila jioni, wengine walikuwa wameuvuka zamani.

Bajeti niliyopendekeza ilikuwa saa 160, zile za oda na mashine tu. Pengo la wasiofika lizibwe kwa kubadilishana zamu. Sikuzigawa sawa kwa wiki: 20, 20, 30, kisha 60 wiki ya mwisho, na 30 za akiba ya mashine. Saa zisizotumika zisihamie mwezi unaofuata, la sivyo watu watazitafutia kazi.

Idhini iombwe kabla ya saa nane mchana, ikiwa na majina, saa, sababu na idadi ya marobota yatakayofungwa. Ombi lisilo na idadi lirudishwe. Msimamizi aidhinishe ndani ya saa za wiki yake; akizimaliza, aende kwa meneja. Mashine ikifa jioni, idhini itolewe kwa simu na iandikwe kesho yake kabla ya saa nne asubuhi. Na msimamizi anayelipwa ova asijiidhinishie.

Kanuni moja naitetea kwa nguvu zote: saa iliyofanywa ilipwe, hata kama haikuidhinishwa. Mfungaji aliambiwa abaki, akabaki, akapanda boda usiku kurudi Free Area. Kosa ni la aliyemwambia, na ndiye wa kuulizwa. Nimeona ofisi ikifuta saa za watu kwa kisingizio cha fomu. Huo ni wizi.

Kulikuwa na jambo ambalo karatasi hazikuonyesha. Mama mmoja wa zamu yetu aliniuliza, "Madam, mkikata ova, mkopo wa sako nitaulipa na nini?" Kushuka kutoka 312 hadi 160 ni saa 152, yaani shilingi 18,240 kwa mwezi, 1,520 kwa kila mtu. Alikuwa amekopa akitegemea pesa hiyo. Ndiyo maana nasema ipunguzwe kwa hatua: 260 mwezi wa kwanza, 210 wa pili, 160 wa tatu, na watu waambiwe mapema. Nusu ya kinachookolewa iingizwe kwenye mshahara wa msingi, shilingi 760 kila mmoja. Meneja alikubali hatua hizo tatu, nyongeza akaikataa. Hadi leo naona alikosea, kwa sababu mwezi wa nne maombi ya idhini yalianza kuja na sababu ileile kila Jumanne: "mashine".