Faida ya 20,000 au hasara ya 4,000? Chama kinapouza sehemu ya hisa zake

"Mwaka jana tulinunua hisa za benki kwa shilingi 40. Mwezi wa tatu mwaka huu tumeuza hisa 4,000 kwa shilingi 45. Mimi nimeandika faida ya 20,000, lakini kijana aliyekuja kukagua vitabu anasema ni hasara ya 4,000. Nani kati yetu anawapotosha wanachama?" (Mweka hazina wa chama cha walimu wastaafu, Kisumu)

Mwalimu, mpaka sasa hakuna aliyempotosha mtu. Wewe unapima kutoka bei mliyonunulia, yeye anapima kutoka bei iliyokuwa kwenye vitabu tarehe 31 Desemba. Mkifika mwisho wa mwaka kila mmoja akiwa amefuata njia yake mpaka mwisho, mtakutana kwenye tarakimu ile ile. Hatari iko njiani, pale mtu anapoanza na njia moja na kumalizia na nyingine, na ndipo vyama vingi ninavyovikagua hapa Kisumu na Nakuru hujikwaa.

Tuanze na kapu lenu jinsi ulivyonitumia. Februari mwaka jana mlinunua hisa 10,000 za benki kwa 40, hisa 20,000 za kampuni ya simu kwa 15, na hisa 5,000 za kampuni ya saruji kwa 60. Jumla ni shilingi 1,000,000 kamili. Ada ya dalali mliiandika kando kama gharama ya mwaka huo, na mlifanya sawa, kwa kuwa hisa za kununua na kuuza hazibebi ada hiyo ndani ya bei yake.

Kufikia 31 Desemba benki ilikuwa 46, simu 18, saruji imeanguka hadi 44. Kwa hiyo benki ilikuwa na thamani ya 460,000, simu 360,000, saruji 220,000. Jumla 1,040,000. Benki na simu zilipanda 60,000 kila moja, saruji ikashuka 80,000, na tofauti iliyobaki ni 40,000 za kupanda. Hiyo ndiyo faida ambayo haijatimia: hakuna hisa iliyouzwa wala shilingi iliyoingia benki, ila mali imeongezeka thamani. Uliiandika kwa debiti ya 40,000 kwenye akaunti ya marekebisho ya thamani, ile inayobeba tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya soko, na krediti ya 40,000 kwenye taarifa ya mapato. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 9, kinachotumika tangu 2018, kinataka hivyo hivyo kwa hisa zilizonunuliwa ili ziuzwe zikipanda.

Sasa yale mauzo. Mlipokea 180,000. Hisa hizo 4,000 ziliwagharimu 160,000, na hapo unaona faida ya 20,000. Lakini vitabu vya Desemba vilikuwa tayari vimezipa thamani ya 184,000, yaani 4,000 mara 46. Kijana anaona zimeuzwa chini ya hapo kwa 4,000. Nyote mnasema kweli. Kati ya Februari na Desemba kila hisa ilipanda shilingi 6, na hizo 24,000 mlishazihesabu mwaka jana. Kati ya Januari na Machi ikashuka shilingi 1. Ukitoa 4,000 kwenye 24,000 unabaki na 20,000, ambayo ni safari nzima ya hisa hizo tangu siku ya kununua hadi siku ya kuuza. Swali la kijana ni dogo zaidi kuliko lako: anauliza mwaka huu peke yake umeleta nini.

Njia yako inaendelea hivi. Unaweka debiti ya 180,000 kwenye akaunti ya pesa, krediti ya 160,000 kwenye akaunti ya hisa, na krediti ya 20,000 kwenye faida iliyotimia. Akaunti ya marekebisho huigusi siku hiyo, inabaki na zile 40,000 hadi mwisho wa mwaka. Tuseme mwisho wa mwaka huu benki itakuwa 48, simu 17, saruji 50. Kapu lililobaki litakuwa na thamani ya 288,000 na 340,000 na 250,000, jumla 878,000. Gharama yake ya kununua ni 840,000. Akaunti ya marekebisho inatakiwa iwe na 38,000, nayo ina 40,000, kwa hiyo unaipunguza kwa 2,000 na kuandika hasara isiyotimia ya 2,000. Matokeo ya mwaka: 20,000 ukitoa 2,000, yaani 18,000.

Njia ya kijana inaandika hasara ya 4,000 siku ya mauzo. Hisa zilizobaki zilikuwa vitabuni kwa 856,000 na sasa ni 878,000, kwa hiyo zimepanda 22,000. Toa 4,000, unapata 18,000. Mmekutana.

Mchanganyiko ndio unaoharibu. Mweka hazina anaandika faida ya 20,000 kwa kupima kutoka bei ya kununulia, halafu Desemba anasahau akaunti ya marekebisho na kulinganisha hisa zilizobaki na thamani yake ya mwaka jana, anaona zimepanda 22,000, anazijumlisha. Anapata 42,000. Zile 24,000 za mwaka jana zimeingia mara mbili, na kwenye karatasi hakuna kinachoonekana kibaya, kwa sababu kila tarakimu ukiitazama peke yake ina maelezo yake.

Kuna namna ya kulikamata kosa hili bila kufungua leja. Chukua pesa zote mlizopata kwa kuuza, jumlisha thamani ya hisa mlizobaki nazo, toa pesa zote mlizonunulia. Kwenu ni 180,000 na 878,000, jumla 1,058,000, ukitoa 1,000,000 inabaki 58,000. Faida ya miaka yote miwili, kabla ya gawio na ada, haiwezi kuzidi hapo. Mwaka wa kwanza 40,000, wa pili 18,000: inalingana. Aliyechanganya ataleta 82,000, na tofauti itakuwa 24,000 kamili, wala si tarakimu ya kubahatisha. Ukiona pengo linalolingana na kupanda kwa mwaka jana kwa hisa zile zile zilizouzwa, umeshajua ugonjwa.

Liko swali jingine ambalo najua wazee wa chama watalileta kwenye mkutano, nalo lina uzito: kwa nini 40,000 za mwaka jana ziitwe faida kabisa, wakati hakuna aliyezishika? Nimelisikia mara nyingi, na sidhani anayeuliza hajui uhasibu. Anakumbuka bei zinavyoyumba. Chama kimoja nilichokisaidia Nakuru kilisoma faida ya namna hiyo kwenye taarifa, kikawagawia wanachama, na pesa za kugawa zikatolewa kwenye mfuko wa mikopo kwa kuwa hisa zilikuwa hazijauzwa. Miezi mitano baadaye bei ilirudi ilikotoka. Faida ilifutika vitabuni kwa mstari mmoja, lakini mfuko wa mikopo ulibaki na shimo, na waliokosa mikopo ya karo Januari ile hawakuwa wamekosea chochote. Niliumia kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, nami ndiye niliyeipitisha bila kutenganisha mstari wa faida iliyotimia na ule wa isiyotimia.

Na bado nasema iandikwe. Mfikirie mwanachama anayejitoa Januari. Mkimlipa kwa bei ya kununulia, kapu ni 1,000,000. Mkimlipa kwa bei ya soko, ni 1,040,000. Kwa bei ya kununulia anaacha sehemu yake ya 40,000 kwa wenzake, na kama hisa zingekuwa zimeanguka, angeondoka na pesa za waliobaki. Vitabu vya bei ya kununulia vina kasoro nyingine pia. Vinaipa kamati uwezo wa kuchagua faida: mwaka ukiwa mbaya, wanauza benki iliyopanda na kuikalia saruji iliyoanguka, taarifa inang'aa, na hasara ya 80,000 inalala kabatini. Kwa thamani ya soko saruji inaonekana kila Desemba, iuzwe isiuzwe.

Hoja ya wazee ninayoikubali zaidi ni kuhusu bei yenyewe. Baadhi ya hisa kwenye Soko la Hisa la Nairobi huuzwa kwa nadra, na bei ya mwisho wa mwaka inaweza kuwa imewekwa na mtu mmoja aliyeuza hisa mia chache. Kiwango cha IFRS 13 kinataka, pale soko linapokuwa hai, uzidishe bei kwa idadi ya hisa bila kupunguza chochote kwa sababu ya ukubwa wa fungu lako. Hisa zenu za simu hazina shida hiyo. Za saruji zichunguze: angalia siku za mwisho za Desemba, ziliuzwa ngapi kwa siku? Kama 5,000 zenu ni nyingi kuliko zilizouzwa wiki nzima, kuna swali kama soko lake linahesabika kuwa hai, na hata kama linahesabika, andika kwenye maelezo ya taarifa kwamba 220,000 ni bei ya ubaoni na huenda msingeipata kwa siku moja.

Wengine watakushauri mpeleke mabadiliko ya thamani kwenye akiba maalumu ndani ya mtaji, yasiguse faida. IFRS 9 inaruhusu hilo kwa hisa ambazo mliamua tangu siku ya kununua kuwa si za kuuzwa-uzwa, na uamuzi huo haubadiliki. Zaidi ya hayo, mkiuza, ile faida haihamii tena kwenye taarifa ya mapato. Ninyi mmenunua Februari na kuuza Machi iliyofuata bei ilipowapendeza, hivyo sioni mnavyoweza kudai hisa hizi ni za kukaa.

Kwa chama chenu ningebaki na njia yako, Mwalimu, ingawa ya kijana ina mistari michache na haimsumbui mtu kuhusu hisa zilizonunuliwa kwa bei tofauti, maana zote huwa zimebeba bei moja ya Desemba. Yako inakupa kitu ambacho wanachama watakiuliza: kipi kimetimia. Sheria ya Makampuni ya 2015 inataka kampuni igawe kutoka faida iliyotimia, na hata chama kisichosajiliwa kama kampuni kinaweza kuliandika hilo kwenye katiba yake. Kwenye taarifa ya mwaka huu weka mistari mitatu: faida iliyotimia 20,000, hasara isiyotimia 2,000 kama bei zitakuwa zile tulizodhani, ada ya dalali wakati wa kuuza 3,600. Kinachoweza kuzungumziwa kugawiwa ni 20,000 ukitoa 3,600, yaani 16,400, pamoja na gawio mlilolipwa na kampuni.

Na kabla ya mkutano, kaa na yule kijana mfungue akaunti ya marekebisho pamoja. Kama salio lake si 40,000 leo, mmoja wenu ameigusa siku ya mauzo.