Namba ya kumbukumbu itafutwe kwenye taarifa ya akaunti

Mhasibu wa shule akisema ada haionekani, mzazi hutoa risiti ya benki na kuonyesha namba ya kumbukumbu. Anafanya sawa, lakini anaishia njiani. Namba hiyo inathibitisha kwamba muamala ulifanyika; uthibitisho kwamba fedha ziliingia uko kwenye taarifa ya akaunti ya shule, ambayo benki haiwezi kumpa mlipaji kwa kuwa ni siri ya mteja wake. Ndiyo maana naona mwenye akaunti ndiye anayepaswa kuifungua taarifa yake na kutafuta.

Tuseme mzazi wa Dar es Salaam ameweka shilingi 450,000 kwa wakala wa benki Jumamosi jioni. Kwenye taarifa ya shule malipo hayo yanaweza kuonekana kwa jina la wakala, tena kwa tarehe ya Jumatatu, na mhasibu anayetafuta jina la mwanafunzi hataona kitu hata kama fedha zimo. Mzazi aombe itafutwe namba ya kumbukumbu, na isipopatikana, kitafutwe kiasi hicho kuanzia Jumamosi hadi Jumanne. Malipo yakionekana, kilichobaki ni kuyahamishia kwenye jina la mtoto, kazi ya ofisi ya uhasibu ambayo haihitaji mzazi alipe tena.

Yasipoonekana, mzazi aende benki na risiti yake. Kwa namba ileile benki itafuatilia fedha zilikokwenda, na mara nyingine hugundulika kwamba tarakimu moja ya akaunti ilikosewa. Fedha zikiwa zimefika kunakotakiwa, aombe barua yenye muhuri inayotaja namba ya kumbukumbu, tarehe, kiasi na jina la akaunti iliyopokea.

Kwa mwenye nyumba tatizo huwa jingine kidogo. Mpangaji aliyetuma kodi kutoka kwenye simu kwenda benki anaweza kuwa na namba ya kampuni ya simu, huku benki iliyopokea ikiwa imeupa muamala huohuo namba yake, hivyo mwenye nyumba anayesema haioni namba aliyotumiwa huenda anasema kweli. Mpangaji aiombe huduma kwa wateja ya kampuni ya simu impe namba iliyotumika upande wa benki. Namuunga mkono pia mwenye nyumba anayekataa ujumbe wa simu uliosambazwa kwake, maana maandishi yale mtu yeyote anaweza kuyaandika. Nisiyemuunga mkono ni yule anayekataa ujumbe na papo hapo anakataa kuangalia taarifa ya akaunti yake.

Risiti za mashine za wakala, kwa bahati mbaya, hufifia, na baada ya miezi michache namba inaweza isisomeke kabisa. Itolewe kopi siku hiyohiyo, na juu yake yaandikwe kwa kalamu jina la mwanafunzi na muhula, au mwezi wa kodi inayolipwa.